Uzi: Barua ya kusitisha ada ya usafi ya kila mwezi kwa msimamizi wa nyumba, huku ada ya ulinzi ikiendelea

Mpangaji wa Mbezi

Wadau, salaam. Ninapanga katika jengo la ghorofa tatu huku Mbezi Beach, Dar es Salaam, lenye nyumba kumi na mbili na geti moja. Kodi humlipa mwenye nyumba kila baada ya miezi sita, lakini kila mwezi, kabla ya tarehe 5, humlipa msimamizi shilingi 60,000 kupitia lipa namba ya ofisi yake. Kati ya hizo, 35,000 ni za mlinzi wa getini na 25,000 ni za usafi. Usafi wenyewe una kazi mbili: mfanyakazi hupiga deki ngazi na veranda, kisha hupita mlango kwa mlango kuchukua taka na kuzipeleka kwenye kizimba kilichopo nje ya geti.

Tangu mwezi wa tatu taka zangu hazichukuliwi kwa utaratibu wowote unaoeleweka, na dada anayenisaidia nyumbani ndiye anayezibeba hadi kizimbani. Kwa hiyo nataka kuacha kulipia usafi. Na mlinzi naye husinzia, hivyo nilifikiri kuacha vyote viwili kwa pamoja. Nimeandaa barua ambayo kiini chake ni hiki:

"Kwa kuwa mmeshindwa kutoa huduma kama mlivyoahidi, ninasitisha kuanzia leo tarehe 10 Juni 2025 malipo yote ya ulinzi na usafi, na amana yangu ya shilingi 25,000 mtaihesabu kuwa malipo ya mwisho."

Naomba mniambie kama barua hii itasimama, au kama kuna jambo ninalopaswa kulirekebisha kabla ya kuipeleka.

Mama wa Tegeta

Mdogo wangu, usithubutu. Mimi niligoma kulipa ada ya taka nikisema gari halipiti, na mkusanyaji akaja na watu wa mtaa, nikaambiwa nitapelekwa kwenye baraza la manispaa. Ile ada huwezi kuiacha kwa barua, hata ukiandika kurasa kumi.

Karani Mstaafu

Mama, ulichosema ni kweli kwa ada yako, ila ada anayoizungumzia huyu ni nyingine. Unayoisema wewe ni ada ya uzoaji taka inayotozwa kwa sheria ndogo za manispaa, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu katika maeneo yao. Ada hiyo hailetwi na mkataba, na ndiyo maana mkataba hauwezi kuiondoa. Ndugu yetu anamlipa mtu binafsi kwa kazi ya kupiga deki ngazi na kubeba taka kutoka mlangoni hadi kizimbani. Gari likishafika kizimbani, hapo ndipo ada yako wewe inapoanza. Ni vyema hata hivyo athibitishe kwamba ile 25,000 haina fedha ya manispaa ndani yake, kwa sababu wapo wasimamizi wanaokusanya zote mbili kwa pamoja, na akiacha kulipa bila kujua, deni la manispaa litabaki mlangoni kwake.

Sasa nije kwa mwenye uzi. Siwezi kusema kama barua yako itasimama kabla ya kujua wajibu wa kulipa ulianzia wapi. Je, ulinzi na usafi vimeandikwa ndani ya mkataba wa pango uliosaini na mwenye nyumba, au kwenye karatasi nyingine uliyosaini na msimamizi, au ni mazoea tu yaliyoanza kwa kuambiwa? Naomba unakili maneno yenyewe kama yalivyo.

Kijana wa Ubungo

Wakuu, jambo hili si gumu. Makubaliano yoyote ya mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi ya siku 30. Mtumie ujumbe wa WhatsApp leo, hesabu siku 30, na tarehe 10 Julai umemaliza. Amana ni fedha yako, kwa hiyo una haki ya kuifanya malipo ya mwisho. Akileta ubishi nenda Baraza la Kata, litaamua ndani ya muda mfupi.

Mpangaji wa Mbezi

Karani, nimezitoa karatasi zote. Kumbe ni mbili.

Mkataba wa pango, kifungu cha 9: "Mpangaji atalipa kila mwezi mchango wa ulinzi wa geti wa shilingi 35,000 kwa msimamizi aliyeteuliwa na mwenye nyumba, kwa kipindi chote cha upangaji."

Karatasi ya pili inaitwa Makubaliano ya Huduma ya Usafi, na imesainiwa na mimi na msimamizi, ikiwa na muhuri wa ofisi yake. Kifungu cha 4: "Mteja ataweka amana ya shilingi 25,000 itakayorejeshwa makubaliano yatakapokoma, endapo hakuna deni." Kifungu cha 6: "Upande wowote unaweza kusitisha makubaliano haya kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kamili wa kalenda, itakayofikishwa ofisini kwa upande mwingine."

Kuhusu manispaa, tunalipa kando kwa mkusanyaji anayekuja na risiti yake, kwa hiyo haimo kwenye zile 25,000.

Karani Mstaafu

Umenirahisishia kazi, kwa sababu karatasi hizo mbili zinajibu karibu kila kitu.

Ulinzi umo ndani ya mkataba wa pango, na umeandikwa "kwa kipindi chote cha upangaji". Huwezi kuutoa kwa barua kwa msimamizi, kwa kuwa msimamizi si aliyekubaliana nawe. Yeye ni mpokeaji tu aliyetajwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinawataka walioingia mkataba watimize ahadi zao, na ahadi hii umempa mwenye nyumba. Ukiacha kulipa 35,000 utakuwa umevunja mkataba wa pango, na msimamizi atapata sababu ya kukuandikia jambo kubwa zaidi kuliko usafi. Kama mlinzi anasinzia, hilo ni lalamiko la kumwandikia mwenye nyumba katika barua yake yenyewe, likiwa na tarehe na saa ulizoshuhudia.

Usafi una makubaliano yake, na makubaliano hayo yamekufungulia mlango kwenye kifungu cha 6. Mlango huo haukuulizi sababu. Hapa ndipo barua yako ya kwanza inapojidhuru, kwa kuwa imeanza na maneno "mmeshindwa kutoa huduma". Kusitisha kwa notisi ni njia moja, na kusitisha kwa sababu upande wa pili umevunja makubaliano ni njia nyingine. Ukichagua ya pili, itakubidi uthibitishe siku ambazo taka hazikuchukuliwa, na msimamizi ataleta daftari la mfanyakazi lenye alama ya vema kila siku, nanyi mtabishana kuhusu taka badala ya tarehe ya mwisho. Ukichagua notisi, hana cha kubishia isipokuwa kama notisi imefika na kama muda umetimia. Nakushauri barua iwe ya notisi tupu. Malalamiko yaweke akiba, yatakufaa iwapo atakudai fidia.

Kijana wa Ubungo, siku 30 zingetosha kama karatasi ingesema siku 30, au kama isingesema chochote na mahakama ikatafuta muda unaofaa. Lakini imesema "mwezi mmoja kamili wa kalenda". Notisi ikifika tarehe 10 Juni, mwezi wa sita umeshaanza na hauwezi kuwa kamili. Mwezi kamili unaofuata ni Julai, kuanzia tarehe 1 hadi 31. Kwa hiyo makubaliano yanakoma mwisho wa siku ya tarehe 31 Julai 2025, na malipo ya Juni na ya Julai, yaani shilingi 50,000 kwa jumla, ni halali kabisa. Hata ungesubiri hadi tarehe 30 Juni kuipeleka, tarehe ya kukoma ingekuwa ileile. Ukiipeleka tarehe 1 Julai, msimamizi anaweza kudai kwamba Julai nayo si kamili na kukupeleka hadi mwisho wa Agosti.

Kijana wa Ubungo

Nakubali kuhusu kalenda, maana sikuwa nimeona maneno ya karatasi. Ila amana sielewi kwa nini asiitumie. Fedha ni yake na wanayo tayari.

Karani Mstaafu

Kwa sababu kifungu cha 4 kinasema itarejeshwa makubaliano yakishakoma, na kwa sharti kwamba hakuna deni. Akiacha kulipa Julai kwa kusema amana itafidia, tarehe 5 Julai atakuwa na deni, na hapo msimamizi atasema sharti la kurejesha halijatimia, tena ataongeza kwamba mteja mwenye deni hawezi kunufaika na kifungu cha 6. Hoja hiyo ya pili naiona dhaifu, lakini kwa nini umpe nafasi ya kuitoa? Anaweza kuomba ndani ya barua kwamba Julai ikatwe kwenye amana. Msimamizi akikubali kwa maandishi ni sawa, na asipojibu, alipe.

Kuhusu Baraza la Kata, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena uamuzi katika migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Na deni la kupiga deki ni dai la mkataba wa huduma. Siliiti mgogoro wa ardhi hata kidogo. Likifika mbali, mahali pake ni mahakama ya mwanzo kama dai la kawaida la madai. WhatsApp nayo si ya kudharauliwa, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki, lakini karatasi yake imesema notisi ifikishwe ofisini. Apeleke karatasi ofisini, kisha atume picha ya nakala iliyosainiwa kwa simu.

Msimamizi wa Majengo

Naomba kusema kwa niaba ya upande wa pili, kwa kuwa kazi hii ndiyo inayonilisha. Nyumba kumi na mbili zikilipa 25,000 kila moja, msimamizi anapata 300,000 kwa mwezi, na humo ndimo anamotoa mshahara wa mfanyakazi, sabuni, mifagio, mifuko na maji ya deki. Mpangaji mmoja akitoka, deki haipungui hata ngazi moja. Mfanyakazi ataendelea kusafisha ngazi ambazo huyu ndugu atazipanda kila siku bila kulipa, na majirani kumi na mmoja watamlipia. Kubeba taka kutoka mlangoni kwake kunaweza kusitishwa, kwa sababu mlango ni wake. Ngazi haziwezi kugawanywa. Mimi ningepokea barua hiyo na kumjibu kwamba tunakubali kuacha kuchukua taka, lakini mchango wa ngazi unabaki.

Karani Mstaafu

Hoja yako ina uzito kwa upande wa haki kati ya majirani, lakini ungetakiwa kuiweka kwenye karatasi. Makubaliano yaliyosainiwa yanasema upande wowote unaweza kusitisha "makubaliano haya", bila kusema sehemu yake. Msimamizi aliyetaka ngazi zilipiwe na kila anayekaa pale angemwomba mwenye nyumba aziingize kwenye mkataba wa pango, kama alivyofanya kwa ulinzi.

Na kwa wanaoishi kwenye majengo ambayo kila nyumba ina hati yake, chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, michango ya maeneo ya pamoja humdai mmiliki wa sehemu kwanza. Mpangaji huilipa pale tu alipokubali katika mkataba wake wa pango. Jengo la huyu ndugu linaonekana kuwa la mtu mmoja, kwa hiyo hilo halimgusi.

Mpangaji wa Mbezi

Nawashukuru nyote, na nakubali kwamba ulinzi niuache kama ulivyo. Hii ndiyo barua niliyoiandika upya. Majina nimeyaondoa.

*Nyumba Namba B7,*
*Mbezi Beach,*
*Dar es Salaam.*
*12 Juni 2025*

*Msimamizi wa Nyumba,*
*(jina la ofisi kama lilivyo kwenye muhuri wa makubaliano)*

*YAH: NOTISI YA KUSITISHA MAKUBALIANO YA HUDUMA YA USAFI, NYUMBA NAMBA B7*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Kwa mujibu wa kifungu cha 6 cha Makubaliano ya Huduma ya Usafi tuliyosaini, ninakupa notisi ya mwezi mmoja kamili wa kalenda ya kusitisha makubaliano hayo. Mwezi wa notisi ni Julai 2025, na makubaliano yatakoma mwisho wa siku ya tarehe 31 Julai 2025.*

*Ada ya Juni, shilingi 25,000, nimekwishalipa. Ada ya Julai nitailipa kabla ya tarehe 5 Julai, isipokuwa kama utakubali kwa maandishi, kabla ya tarehe hiyo, kwamba ikatwe kwenye amana yangu iliyotajwa katika kifungu cha 4. Endapo ada ya Julai nitailipa kwa fedha taslimu au kwa simu, naomba amana hiyo ya shilingi 25,000 irejeshwe ifikapo tarehe 7 Agosti 2025.*

*Kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 taka za nyumba yangu nitazifikisha mwenyewe kizimbani, na mfanyakazi hatalazimika kupita mlangoni kwangu.*

*Notisi hii haihusu mchango wa ulinzi wa geti wa shilingi 35,000, ambao upo katika mkataba wa pango na ambao nitaendelea kuulipa kama kawaida.*

*Naomba utie saini, tarehe na muhuri kwenye nakala ya barua hii kuthibitisha kuipokea.*

*Wako,*
*Mpangaji, Nyumba Namba B7*

*Nakala: Mwenye nyumba.*

Karani Mstaafu

Hii nimeipenda, hasa aya inayotenganisha ulinzi, kwa kuwa inamzuia mtu yeyote kusema umegoma kulipa kila kitu. Na nakala kwa mwenye nyumba itamfanya asikie habari kutoka kwako kabla hajaambiwa na mwingine.

Ila kuna mtego mmoja ambao barua haiwezi kuumaliza, nao utakuja mwezi wa nane. Utatuma 35,000, na lipa namba haikupi nafasi ya kuandika unalipia nini. Msimamizi anaweza kuandika kwenye daftari lake: usafi 25,000, ulinzi 10,000. Mwisho wa mwezi utaambiwa unadaiwa ulinzi wa 25,000, na deni hilo litakuwa chini ya mkataba wa pango, ambako hukutaka ugomvi ufike. Sheria ya Mikataba inampa mdaiwa haki ya kutaja deni analolilipa, na anayepokea baada ya kutajiwa anapaswa kulielekeza huko. Kwa hiyo siku ileile ya kulipa, tuma ujumbe mfupi: "Shilingi 35,000 nilizolipa leo ni za ulinzi wa geti, Agosti 2025, Nyumba B7." Weka ujumbe huo pamoja na ule wa muamala. Fanya hivyo kila mwezi hadi uone risiti zake zimeandikwa sawasawa.

Kuanzia Julai pia acha kulipa 60,000 kwa mkupuo. Lipa mara mbili, hata kama makato yataongezeka kidogo.

Mama wa Tegeta

Na je, akimkatia maji? Kwetu msimamizi ndiye anayeshika funguo ya chumba cha pampu, na mpangaji aliyebishana naye juu ya mchango wa geti alikaa bila maji hadi ndugu zake walipoingilia.

Msimamizi wa Majengo

Dada, anayefanya hivyo anajiharibia. Maji hayamo kwenye makubaliano ya usafi. Mpangaji amelipa kodi ya nyumba yenye maji, na mwenye nyumba ndiye atakayeulizwa kwa nini mpangaji wake hana utulivu ndani ya nyumba aliyoilipia. Mimi nikiona msimamizi amefunga maji kwa deni la deki, najua hakuwa na karatasi ya kumsaidia.

Mpangaji wa Mbezi

Mrejesho. Barua nimeipeleka ofisini. Msimamizi aliisoma yote mbele yangu, akagonga muhuri wa tarehe 12 Juni, kisha juu ya saini yake akaandika kwa kalamu: "Nimepokea, sikubaliani." Nilimwomba sababu, akasema ngazi ni za wote na kwamba atamwandikia mwenye nyumba. Amana hakuizungumzia. Je, maneno hayo yanaiua notisi?

Kijana wa Ubungo

Nadhani itabidi uandike nyingine, maana ameikataa kwa maandishi.

Karani Mstaafu

Hapana, hana sababu ya kuandika nyingine. Kifungu cha 6 hakimtaki aombe ruhusa. Kingesema "kwa makubaliano ya pande zote", neno "sikubaliani" lingekuwa na nguvu. Kilichohitajika ni notisi kufika, na yeye mwenyewe ameandika "Nimepokea" na kugonga tarehe. Tunza nakala hiyo, piga picha, mtumie mwenye nyumba. Ada ya Julai lipa bila kusubiri, kwa kuwa hajakubali kuikata kwenye amana.

Suala la ngazi baada ya tarehe 31 Julai ndilo lililobaki, na hapo utazungumza na mwenye nyumba. Hebu soma mkataba wa pango mara nyingine. Kuna mahali popote panapotaja usafi?

Mpangaji wa Mbezi

Papo. Kifungu cha 11: "Mpangaji atatunza usafi wa nyumba na maeneo anayoyatumia pamoja na wapangaji wengine." Hakuna kiasi cha fedha.

Msimamizi wa Majengo

Hapo ndipo nilipotaka tufike. "Maeneo anayoyatumia pamoja na wengine" ni ngazi na veranda. Atayatunzaje bila kuchangia anayeyasafisha?

Karani Mstaafu

Kimesema atunze, hakijasema alipe, wala hakijamtaja msimamizi wala kiasi, ilhali kifungu cha 9 kimetaja vyote vitatu kwa ulinzi. Mwandishi yuleyule aliyejua kuandika mchango pale, hapa hakuuandika. Nikiwa upande wa mpangaji ningesimama hapo. Lakini sitaki kumdanganya: mtu mwingine anaweza kukisoma kifungu cha 11 na kumtaka apige deki kwa zamu au achangie kinachofaa, na siwezi kusema kwa hakika ni usomaji upi utakaokubaliwa.

Mpangaji wa Mbezi

Mwenye nyumba amenipigia baada ya kupata nakala. Hajakasirika, ila amesema hataki ngazi chafu. Nimemwambia niko tayari kuchangia 10,000 kwa mwezi kwa ajili ya ngazi peke yake kuanzia Agosti, mradi iandikwe kwenye karatasi yenye kiasi, kazi yenyewe, siku za deki katika wiki na namna ya kusitisha. Amesema 10,000 ni kidogo, na kwamba atazungumza na msimamizi kabla ya mwezi huu kwisha. Ada ya Julai nitailipa peke yake, na ulinzi peke yake.

Msimamizi wa Majengo

Kwa hesabu ya kazi ilivyo, mimi ningekuomba 15,000. Deki ndiyo inayokula muda wa mfanyakazi. Taka za mlangoni ni za asubuhi tu.

Karani Mstaafu

Kiasi mtapatana. Hakikisha tu karatasi mpya inasema imechukua nafasi ya makubaliano ya zamani, na kwamba amana ya 25,000 ama imerejeshwa ama imehamishiwa huku, kwa maneno na kwa tarakimu.